Mwembamba, lakini ini lina mafuta

(Muziki wa kufungulia, sekunde 15, kisha unashuka taratibu chini ya sauti ya msimuliaji.)

Leo tuko Kabeza, hapa Kigali, upande wa Kanombe, karibu na uwanja wa ndege. Tunajibu swali ambalo linawatatiza watu wengi wenye kisukari: nimeambiwa ini langu lina mafuta, lakini mimi si mnene. Je, daktari amekosea?

Hapana, hajakosea. Ila jibu hilo peke yake halimsaidii mtu, kwa hiyo tutalifuata hatua kwa hatua, tukimtumia mama mmoja wa mfano. Si mtu halisi wa Kabeza. Tumemtengeneza ili namba ziweze kueleweka.

Mama huyu ana miaka 48. Anauza nguo sokoni, na amekuwa na kisukari aina ya 2 kwa miaka minne. Anakunywa metformini asubuhi na jioni. Ana uzito wa kilo 61 na urefu wa sentimita 163, na kwa vipimo vyote vya ukutani huo ni uzito wa kawaida. Pombe haijawahi kupita mdomoni mwake. Siku moja anaumwa tumbo, anapelekwa kwenye ekografi, ile picha ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita altrasaundi, na karatasi inarudi imeandikwa kwamba ini lina mafuta. Maumivu ya tumbo yalikuwa ya vidonda na yakapona. Mafuta yakabaki kwenye karatasi.

Akifika nyumbani, shemeji anamuuliza kama anakunywa pombe kwa siri. Hapo ndipo wengi hunyamaza na kuficha karatasi kabatini. Tulimalize jambo hili mapema: pombe ni chanzo kimoja tu cha mafuta kwenye ini. Kwa miaka mingi wataalamu waliugawa ugonjwa huu kwa kusema tu "wa wasiokunywa pombe", jina ambalo lenyewe lilileta mashaka. Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini vya Ulaya na Amerika vilikubaliana na wenzao wa nchi nyingine kulibadilisha, na sasa jina linataja kasoro ya mwili katika kutumia sukari na mafuta. Kwa mtu mwenye kisukari, kasoro hiyo ndiyo ileile iliyomletea kisukari. Zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari aina ya 2 wana mafuta ya ziada kwenye ini, na wengi wao hawajawahi kuambiwa.

Na wembamba je? Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi mkubwa uliokusanya tafiti za nchi nyingi. Katika kila watu 10 wenye ini la mafuta, karibu 4 hawakuwa wanene wa kupindukia, na karibu 2 walikuwa na uzito wa kawaida kabisa. Kwa hiyo mama yetu wa Kabeza ana wenzake wengi.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuulize mafuta hayo yametoka wapi, maana wengi hudhani ni mafuta ya kupikia yaliyokwenda kuganda kwenye ini.

Fikiria nyumba yenye ghala. Mavuno yakija, yanaingia ghalani. Mwilini, ghala la mafuta liko chini ya ngozi: mapajani, makalioni, mikononi. Mafuta yakikaa hapo hayana madhara makubwa. Lakini watu hawakuzaliwa na maghala sawa. Mwingine ana ghala kubwa, anaongezeka kilo 30 na ini lake bado ni safi. Mwingine ana ghala dogo, akiongezeka kilo 5 tu limejaa, na magunia yanayobaki yanawekwa sebuleni. Sebule hiyo ni ini, kongosho na sehemu ya ndani ya tumbo kuzunguka utumbo. Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri: kila mtu ana kiwango chake binafsi cha mafuta anachoweza kubeba, na kiwango hicho hakisomeki kwenye mizani.

Ini lenyewe pia hutengeneza mafuta. Ukila wanga na sukari kuliko mwili unavyohitaji, ini huchukua ziada hiyo na kuigeuza kuwa mafuta. Sukari ya mezani ina nusu yake ambayo karibu yote hushughulikiwa na ini, ndiyo maana soda na chai yenye sukari nyingi huliumiza ini kuliko wali wenye kiasi kilekile cha wanga. Mafuta unayoyakuta kwenye picha ya ekografi huenda yaliingia mwilini yakiwa sukari.

Hapa kuna jambo ambalo mwenye kisukari analiona kila asubuhi bila kujua anachokiona. Amelala saa tatu usiku sukari ikiwa 130. Hajala chochote. Anapima saa kumi na mbili asubuhi, sukari ni 158. Analaumu mashine, au analaumu ndoto. Kumbe usiku kucha ini ndilo linalotoa sukari kwenye damu ili ubongo usikose chakula, na insulini ndiyo inayoliambia "basi, inatosha". Ini lililojaa mafuta linakuwa kiziwi. Insulini inaita, ini halisikii, linaendelea kutoa sukari. Kwa hiyo sukari ya asubuhi iliyo juu kuliko ya usiku, kwa mtu mwenye kisukari aina ya 2, mara nyingi ni sauti ya ini.

Na uziwi huo unaweza kuondoka haraka. Mwaka 2011 kundi la Profesa Taylor lilitoa matokeo ya watu 11 wenye kisukari aina ya 2 waliopewa chakula kidogo sana kwa wiki 8 chini ya uangalizi. Ndani ya siku 7 tu mafuta ya ini yalikuwa yamepungua kwa karibu theluthi moja, na sukari ya asubuhi ilikuwa imerudi kawaida. Hao walikuwa wanene. Lakini mwaka 2023 kundi hilohilo lilichapisha utafiti wa watu 20 wenye kisukari ambao hawakuwa wanene. Walipunguza uzito kwa awamu, kila awamu asilimia 5, kisha wakapumzika. Watu 14 kati ya 20 waliacha dawa na sukari yao ikabaki nje ya kiwango cha kisukari. Mafuta ya ini lao yalipungua hadi kiwango cha watu wazima wa afya.

Tafadhali usiige chakula kile cha utafiti nyumbani. Walikuwa wanakunywa supu na maziwa maalumu yaliyopimwa, madaktari wakiwa pembeni, na dawa zao zilibadilishwa tangu siku ya kwanza. Cha kuchukua pale ni kimoja: hata mwili mwembamba unaweza kuwa umebeba zaidi ya uwezo wake, na mzigo wa kutua ni mdogo.

(Muziki mfupi.)

Turudi kwa mama yetu. Kabla ya kubadilisha sahani, anahitaji kujua mambo mawili: kama kweli amevuka kiwango chake, na ini limefika hatua gani.

La kwanza anaweza kulipima mwenyewe, na wewe unaweza kulifanya sasa hivi. Chukua uzi usiovutika. Simama bila viatu, mtu akupimie urefu wako kwa uzi huo kutoka kisigino hadi utosini, ukate hapo. Ukunje katikati mara moja. Sasa zungusha uzi huo uliokunjwa kwenye tumbo, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekutazama. Uzi ukikutana, kiuno chako hakizidi nusu ya urefu wako. Usipokutana, mafuta yamekaa ndani ya tumbo, hata kama mikono yako ni myembamba. Mama yetu ana urefu wa 163, kwa hiyo uzi uliokunjwa ni sentimita 81 na nusu. Kiuno chake ni 91. Mizani ilimsifu, uzi umemsema.

La pili linahitaji damu. Mafuta kwenye ini yana hatua. Hatua ya kwanza ni mafuta tu. Ya pili, mafuta yameanza kuwasha seli za ini, zinavimba na nyingine zinakufa. Ya tatu, mahali palipokufa panaota makovu, kama kovu la jeraha kwenye ngozi. Ya mwisho ni sirosisi: makovu yamezunguka ini zima, limekuwa gumu, na damu inapita kwa shida. Kutoka mwanzo hadi mwisho huchukua miaka mingi, na wengi hawafiki mwisho. Lakini kisukari huharakisha safari, na safari yote ya mwanzo haina dalili. Usisubiri kuumwa.

Ekografi inaona mafuta, lakini haioni makovu ya mwanzo. Pia haioni mafuta yakiwa machache, kwa hiyo picha iliyosema "ini safi" si hati ya kuachiliwa. Vipimo vya damu vya ini, ALT na AST, navyo vinaweza kuwa vya kawaida wakati makovu yapo. Kinachosaidia ni hesabu inayoviunganisha pamoja na umri na chembe za kugandisha damu, zile ambazo kwenye karatasi ya maabara zimeandikwa PLT. Inaitwa FIB-4:

```
FIB-4 = (umri x AST) / (PLT x √ALT)
```

Mama yetu ana miaka 48, AST 36, ALT 49, PLT 240. Zidisha 48 kwa 36, unapata 1,728. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7, na 7 mara 240 ni 1,680. Gawanya 1,728 kwa 1,680, jibu ni 1.03. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, na kazi inaweza kufanyika nyumbani na kwenye kituo cha afya. Ingekuwa juu ya 2.67, angehitaji daktari wa ini bila kuchelewa. Katikati ya hapo unahitajika uchunguzi zaidi, kama ile mashine inayopima ugumu wa ini kwa mtetemo. Kwa aliyezidi miaka 65 mpaka wa chini unasogezwa hadi 2.0, na kwa kijana wa chini ya miaka 35 hesabu hii si ya kutegemea. Vipimo vyote vinavyohitajika ni vya kawaida, na mara nyingi vimeshafanyika tayari. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekaa na kalamu. Beba karatasi yako ya maabara, mwombe muuguzi au daktari akufanyie hesabu hiyo. Si kumfundisha kazi, ni kumkumbusha.

Kuna jambo la lazima kabla ya kusema "ni mafuta tu". Sababu nyingine za ini kuumwa zitafutwe, hasa homa ya ini B na C. Rwanda ilitangaza mwezi Desemba 2018 mpango wa kuitokomeza homa ya ini C, na mamilioni ya watu wamepimwa, kwa hiyo huenda jibu lako lipo. La B lisisahauliwe. Mtaje pia daktari kila dawa unayokunywa, pamoja na za kienyeji na zile chupa za "kusafisha ini". Ini halisafishwi kwa kupitisha kitu ndani yake kama bomba, na baadhi ya mitishamba hiyo ndiyo inayoliunguza.

(Muziki mfupi.)

Sasa sahani. Mama yetu anakula mchana kwenye mgahawa karibu na soko, na anakula melanji, kama watu wengi wa Kigali. Msikilizaji wa mbali aelewe: melanji ni sahani moja unayojipakulia, na mtu mwenye ujuzi anaijenga kama ghorofa. Chini wali, juu yake viazi, pembeni ndizi, kipande cha muhogo, makaroni kidogo, halafu maharage, dodo na kipande cha nyama juu kabisa kama bendera. Ukihesabu, kuna vyakula vitano vya wanga kwenye sahani moja. Tumbo halijui kwamba vina majina tofauti.

Mama yetu haachi melanji. Anachagua wanga mmoja tu, ule anaoupenda siku hiyo, kwa ukubwa wa ngumi yake. Nusu ya sahani anajaza mboga: dodo, kabichi, isombe, biringanya. Robo iliyobaki ni maharage na samaki au yai au nyama. Maharage yana wanga pia, lakini yana nyuzi na protini, yanashibisha na sukari yake inaingia polepole, kwa hiyo usiyaogope. Nusu parachichi juu yake ni sawa. Mafuta ya parachichi si adui wa ini.

Halafu vinywaji, na hapa ndipo mzigo mkubwa ulipokuwa. Alikuwa anakunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Kijiko kimoja cha chai ni karibu gramu 4, kwa hiyo ni gramu 36. Mchana anaagiza fanta moja, na kwa Kigali fanta ni soda yoyote. Soda ya kawaida huwa na takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, basi chupa ya mililita 300 ni gramu 30. Jumla gramu 66 kwa siku. Kwa mwezi ni karibu kilo 2 za sukari, za kunywa tu, kwa mtu ambaye angekuapia kwamba hali vitu vitamu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi.

Fanta aliiacha siku moja. Chai ilichukua wiki sita: kijiko kimoja kilipungua kila wiki mbili, kwa sababu ulimi hujifunza polepole na anayekata ghafla hurudi ghafla. Juisi ya maracuja au ya embe si njia ya kutorokea, hata ikitengenezwa nyumbani. Tunda zima ni sawa, moja au mawili kwa siku, kwa sababu unalitafuna na lina nyuzi zake. Kwa kahawa nina habari njema kwa nchi inayoilima na kuiuza huku yenyewe ikinywa chai: watu wanaokunywa kahawa mara kwa mara huonekana kuwa na makovu machache ya ini. Bila sukari, na si kwa kukesha. Pombe, ikiwemo urwagwa na bia, mwenye mafuta na kisukari aiache kabisa. Pombe na sukari hubeba mzigo kwenye mgongo mmoja.

Halafu miguu. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na ini linapata nafasi ya kuchoma akiba yake. Mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata kilo zisipobadilika, na kwa mtu mwembamba hii ndiyo habari kubwa kuliko zote. Kiasi kinachofaa ni kama dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Mama yetu alishuka kwenye basi kituo kimoja kabla ya chake, jioni, akapanda kilima kwa miguu: dakika 25, siku sita. Kigali inakupa vilima bure. Jumapili ya kwanza na ya tatu ya mwezi, barabara zinapofungwa kwa siku ya bila magari, anatembea na binti yake na kupima sukari na shinikizo la damu palepale. Mara tatu kwa wiki anafanya pia kazi ya nguvu: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara 10, anapumzika, anarudia. Misuli ya mapaja ndiyo mikubwa kuliko yote, na mtu mwembamba mwenye kisukari mara nyingi misuli yake ni michache.

(Muziki mfupi.)

Kuna hatari mbili ambazo huwezi kuzipita haraka.

Ya kwanza ni sukari kushuka. Metformini peke yake ni nadra kuishusha kupita kiasi. Lakini jirani wa mama yetu anakunywa glibenklamidi, na mwingine anachoma insulini. Dawa hizo zinashusha sukari hata kama hujala. Ukipunguza wanga nusu na kuanza kupanda vilima bila kumwambia daktari, dozi ya jana inakuwa kubwa mno leo. Utatoka jasho baridi, utatetemeka, utapata njaa ya ghafla, utachanganyikiwa. Ukiwa chini ya 70, kunywa maji yenye vijiko vinne vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, kisha ule. Ndiyo, sukari ileile tuliyoipiga vita. Hapo ni dawa. Na nenda kituo cha afya upunguziwe dozi kabla ya kubadilisha chakula, si baada ya kuanguka.

Ya pili ni njaa. Watu husikia "punguza" wakafunga kula. Ini halipendi hivyo. Mtoto mwenye kwashakoo, aliyekosa protini, ini lake hujaa mafuta, na kupungua kwa kasi kubwa kwa mtu mzima kunaweza kuliwasha zaidi. Lenga robo kilo kwa wiki, isizidi kilo moja. Usipunguze yai, samaki wala maharage. Kama uzi wako ulikutana kiunoni na mwili ni mkavu, usitafute kupungua kilo hata moja; badilisha vinywaji, ongeza protini na mazoezi ya misuli. Na kama kilo zinapungua zenyewe bila wewe kutaka, huo si ushindi: pimwa kifua kikuu, tezi ya shingo, na uulizwe kama kweli kisukari chako ni aina ya 2, maana wembamba wengine wenye kisukari wamekosa insulini na wanaihitaji.

Sasa tuseme miezi mitatu imepita. Mama yetu amefika kilo 58. Kilo 3 zilizopungua ni karibu asilimia 5 ya uzito wake. Uzi umebana hadi sentimita 86, bado haujakutana. Sukari ya asubuhi, iliyokuwa 158, sasa inacheza kati ya 112 na 120. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba ini limeanza kusikia tena. ALT imeshuka kutoka 49 hadi 31.

Je, kilo 3 zinatosha kweli? Katika utafiti wa Hong Kong wa watu wenye ini la mafuta, nusu ya wasiokuwa wanene walioshusha uzito kwa asilimia 3 hadi 5 tu, mafuta ya ziada yaliisha. Wanene walihitaji asilimia 7 hadi 10 kupata matokeo hayohayo. Mwembamba ana mzigo mdogo wa kutua, na hiyo ni nafuu yake.

Kwa waliofika kwenye uvimbe na makovu ya mwanzo, kazi ni kubwa zaidi lakini inawezekana. Mwaka 2015 madaktari wa Havana, Kuba, walichapisha habari za watu 293 waliofuatwa kwa mwaka mzima, wakitumia chakula na kutembea tu. Waliopunguza asilimia 10 au zaidi ya uzito, 9 kati ya 10 uvimbe wa ini uliisha, na karibu nusu yao makovu yalipungua. Lakini nisikufiche upande wa pili: waliofika asilimia hiyo walikuwa mmoja tu kati ya 10, na 7 kati ya 10 hawakufikia hata asilimia 5. Ndiyo maana ninasisitiza fanta na kijiko cha chai badala ya kukuandikia orodha ya vyakula 40 ambayo utaiacha Alhamisi.

Ini lililokwisha kuwa na sirosisi halirudi hivyo kwa kawaida. Huko lengo ni kuzuia lisiharibike zaidi, na kupungua kilo bila daktari kunaweza kudhuru. Macho kuwa ya njano, tumbo kujaa maji, kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami, au mtu kuanza kuchanganyikiwa: hizo si dalili za kusubiri kliniki ya wiki ijayo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa zipo zinazokuja. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha ya kwanza kwa ini la mafuta lenye makovu, resmetiromu, lakini bei yake haijaandikwa kwa ajili ya soko la Kabeza. Metformini unayokunywa inashusha sukari. Mafuta ya ini haiyaondoi yenyewe.

Mama yetu atarudi kituo cha afya na kadi yake ya mituweli baada ya miezi mitatu mingine, akiwa na karatasi zote mbili za maabara, ya zamani na mpya. Hapo atapimwa sukari ya miezi mitatu, shinikizo la damu na mafuta ya damu, kwa sababu wenye ini la mafuta hufa zaidi kwa moyo kuliko kwa ini lenyewe. FIB-4 itarudiwa baada ya mwaka mmoja au miwili maadamu iko chini. Na uzi wake haujatupwa. Umefungwa kwenye msumari karibu na mlango, na una sentimita 4 na nusu za kwenda.

(Muziki wa kufungia unapanda.)